Mshale Kwenye Tatu na Nusu

Mama yangu hatembei tena, na aliyemkalisha ni mimi. Naanza na hilo kwa sababu sina subira na watu wanaozungukazunguka na habari mbaya kana kwamba ikicheleweshwa itapungua. Mimi ni fundi bomba. Naishi Jinja, upande wa Kimaka, katika chumba cha kupanga chenye bomba moja uani, na bomba hilo halidondoshi hata tone. Dada yangu mkubwa yuko Mbale, na mama anakaa kwake. Baba alikuwa dereva wa malori kutoka upande wa Kenya, ndiyo maana nyumbani kwetu tulikua tukisema Kiswahili wakati watoto wa jirani walidhani ni lugha ya wanajeshi tu.

Mama alikuwa mtu wa miguu. Kila siku ya soko alitoka nyumbani kwa dada akaenda Nakaloke kwa miguu, na kikapu chake, na kitambaa amekifunga kichwani kwa namna aliyofunga tangu mimi mdogo. Alikwenda kununua simsim, yaani ufuta, na samaki wakavu, vitu vinavyopatikana hata dukani mlango wa tatu kutoka kwa dada. Tulimwambia apande bodaboda. Akasema bodaboda ni za wagonjwa na wachumba. Ukweli ni kwamba kule Nakaloke alikuwa na wanawake wenzake, wauza mboga na nafaka, aliobishana nao bei saa nzima kisha akakaa nao saa mbili. Akikosa siku moja ya soko, wiki yote alikuwa na kisirani. Ukitaka kujua mama yangu alikuwa nani, usitazame picha, ungemtazama akirudi kutoka Nakaloke na vumbi hadi magotini na habari za watu wote.

Kazi nilijifunza Jinja, kwa mzee mmoja Kalasinga aliyekuwa na karakana nyuma ya duka la vifaa. Alivaa kilemba cha kijivu na kaptura ya khaki, na alikuwa mkali kuliko mwalimu yeyote niliyepitia. Nyumba za zamani za Jinja, zile zenye kuta nene na veranda, alizijua paipu zao kama mtu ajuavyo meno yake. Nilikaa kwake miaka sita. Mambo mengi aliyonifundisha nimeyasahau kwa sababu sasa mikono inayafanya yenyewe. Moja sikulisahau, na ndilo nililoliacha.

Jambo lenyewe ni la geji. Geji ni kile kipimo cha mviringo chenye mshale, unakifunga kwenye bomba lenye nyuzi za skrubu mdomoni kisha unasoma presha ya maji iliyo ndani ya paipu. Kipimo chetu ni baa. Nyumba inataka baa tatu hivi, ikizidi sana nne vifaa vinaanza kuumia, na ikifika nane au tisa unangoja tu kipi kitapasuka kwanza. Basi mzee akishafunga geji, alifunga kila kitu ndani ya nyumba kinachotoa maji. Mabomba yote, koki ya choo, koki ya hita, kila kitu. Halafu aliipa geji mgongo, akaagiza chai ya maziwa, akainywa yote, taratibu, akipuliza. Hakuruhusu mtu aitazame hadi glasi iwe tupu.

Mara ya kwanza nilimwambia, "Mzee, mshale uko tatu. Vali ni nzima. Twende."

"Wewe ona sasa tu," akasema. "Sasa iko tatu kwa sababu maji natembea. Maji nasimama, tutaona. Kunywa chai."

Nilikunywa. Tulipogeuka mshale ulikuwa saba. Sikuuliza tena.

Hapo inafaa nieleze vali yenyewe, kwa maneno machache. Pale maji ya mtaa yanapoingia nyumbani, kama presha ya mtaa ni kubwa, unafunga vali ya kupunguza presha. Ndani yake kuna springi, chini ya springi kuna raba nyembamba kama ngozi ya ngoma ndogo, na chini kabisa kuna kifuniko kinachoziba kiti cha shaba, yaani ukingo wa tundu la maji. Presha ya ndani ya nyumba ikifika pale ulipoiweka, inaisukuma raba juu, kifuniko kinapanda na kukaza kwenye kiti, maji yanazuiliwa. Ukifungua bomba, presha inashuka, springi inakisukuma kifuniko chini, maji yanapita. Ni kitu cha akili sana. Lakini chembe ya mchanga ikikaa juu ya kile kiti, au kiti kikachongeka mfereji mdogo, kifuniko hakizibi tena sawasawa. Maji yanapenya kidogo kidogo. Mchana watu wakitumia maji huoni kitu. Kila mtu akifunga mabomba, yale yanayopenya hayana pa kwenda, na presha ya nyumba inapanda polepole hadi ilingane na ya mtaa. Ndiyo maana ya ile chai.

Mbale maji yanashuka kutoka juu mlimani. Nyumba ya dada iko chini, upande wa njia ya Nakaloke, na presha ya mtaa pale ni ya kutisha. Siku namfungia maji nilipima kabla ya vali nikapata karibu tisa. Nikamfungia vali nzuri ndani ya kisanduku cha saruji karibu na mita, nikaiweka tatu, nikanywa chai yangu yote nikiwa nimeipa geji mgongo, nikageuka, tatu. Dada alinicheka. Alisema fundi wa Jinja anapima maji kwa majani ya chai. Wakati huo alikuwa anaanza kazi ya kufua: alinunua mashine moja ya kufulia iliyokwisha kutumika, akaiweka jikoni karibu na mlango, akawa anafua mashuka ya nyumba mbili za wageni. Mama alipewa chumba cha nyuma, kati ya jiko na choo.

Vali ile ilifanya kazi miaka minne bila neno.

Kisha dada akaanza kunipigia simu. Kwanza alisema paipu zinagonga. Mashine ikimaliza kuvuta maji, anasikia gong ukutani, hata kikombe kinatikisika. Nikamwambia mashine ni kuukuu. Wiki mbili baadaye akasema asubuhi akifungua bomba la jikoni, maji yanaruka kwa nguvu mpaka usoni, halafu baada ya muda mfupi yanatulia. Pia mpira wa mashine, ule wa kuleta maji, umevimba katikati. Nikamwambia anunue mpira mwingine, na asinunue ile ya bei rahisi ya kwenye meza za barabarani. Nilikuwa juu ya ngazi kwenye nyumba ya mtu, nimeikamata simu kwa bega.

Mtu akisikiliza simu hizo mbili kwa makini, hahitaji kwenda Mbale kujua. Maji yanayoruka asubuhi kisha yanatulia ni presha iliyopanda wakati nyumba imelala. Mwanafunzi wa wiki mbili angejua. Mimi nilikuwa fundi mwenye miaka kumi na saba kazini, na aliyelalamika alikuwa dada yangu, mtu ambaye tangu utotoni analalamikia kila kitu, chumvi, jua, viatu. Nilimsikia dada, sikumsikia mteja.

Simu ya tatu alisema, "Ile mambo ya maji imeisha yenyewe. Haigongi tena. Sasa ni choo tu ndio kinalia."

"Kinalia vipi?"

"Maji yanashuka tu ndani. Shhh, siku yote. Mama hapati usingizi. Anasema ni kama mvua ndani ya nyumba. Kuja ukitengeneze."

Nikasema nitakuja Jumapili.

Sauti ya maji yanayopotea ni kitu nisichoweza kuvumilia. Ni ugonjwa wa kazi. Nikiingia nyumba ya mtu kwa msiba na bomba linadondoka, sisikii maombi. Kwa hiyo nilifika Mbale Jumapili ile tayari nimekasirika, na choo kilikuwa kinalia kweli. Ndani ya tangi la choo kuna kivali kidogo kinachofungwa na boya. Maji yakijaa, boya linapanda, kivali kinafunga. Hiki kilikuwa hakifungi. Maji yalijaa, yakamwagika kwenye paipu ya kutolea maji ya ziada, yakashuka bakulini, bila kukoma.

Mama alikuwa amekaa mlangoni mwa chumba chake anachambua simsim kwenye ungo. Alikuwa ametoka Nakaloke jana yake.

"Baba," akaniita, maana ananiita jina la baba yake, "hicho kitu kinyamazishe. Nimechoka kukisikia."

"Leo kitanyamaza, mama."

Lakini mimi si mtu wa kupuuza kabisa. Nilikumbuka simu za dada. Nikatoa geji kwenye begi, nikaifunga kwenye bomba la uani, nikawaambia watu wasifungue maji. Mshale ukaenda tatu, ukapita kidogo, ukasimama tatu na nusu.

Niliikodolea macho ile nusu. Vali niliiweka tatu, kwa hiyo nusu haikutakiwa kuwapo. Nikaigonga kioo kwa kucha, kama tunavyofanya, haikurudi. Nikajiambia geji imezeeka, ilishaanguka mara moja kutoka kwenye pikipiki. Nikamwambia dada, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba presha yake ni nzuri, vali yake ni nzima, na ile gong na ile kuruka kwa maji vilikuwa hewa ndani ya paipu.

"Lakini niliona mpira umevimba," akasema.

"Mpira ni mbovu. Nilikuambia ununue mwingine."

"Nimenunua."

Nikafungua geji nikairudisha kwenye begi. Na hapo ndipo nilipoenda kutengeneza choo.

Hata msomaji ambaye hajawahi kushika spana huenda ameshaona nilichofanya. Nilipima wakati choo kinalia. Choo kile hakikuwa kibovu kwa bahati mbaya. Vali ya pale kwenye mita ilikuwa imechongeka, presha ikawa inapanda kila nyumba ikitulia, na kivali cha choo kilikuwa dhaifu kuliko vyote, kikashindwa kwanza. Kuanzia hapo maji yote yaliyopenya kwenye vali yalipata pa kutokea. Ndiyo maana paipu ziliacha kugonga. Ndiyo maana maji ya jikoni yaliacha kuruka. Choo kilikuwa kinaiokoa nyumba ile saa ishirini na nne, kikisumbua usingizi wa mama, na mimi nikaja na kivali kipya, kigumu, cha aina inayovumilia presha kubwa, nikakifunga vizuri sana. Fundi wangu wa zamani angenipiga kwa spana. Kwanza unafunga koki ya choo, kisha unapima. Au unatengeneza choo, kisha unapima. Mimi nilipima, kisha nikatengeneza.

Choo kikanyamaza. Nyumba nzima ikanyamaza. Mama akainua uso kutoka kwenye ungo akatabasamu, akasema, "Asante, baba. Sasa ni nyumba ya watu."

Nilipanga vyombo vyangu, nikazungumza na mama kidogo. Dada akaja na chai. Chai ya maziwa, kwenye kikombe kikubwa, imefunikwa na kisahani.

"Kunywa kwanza," akasema. "Wewe si ndio mtu wa chai?"

Nikamwambia nimechelewa. Nilikuwa na pampu ya kufunga Jinja kesho yake asubuhi kwa tajiri mmoja, na mawingu yalikuwa yameshafunika mlima. Nikaenda jikoni kunawa mikono. Nilipofungua bomba, maji yaliruka yakanilowesha shati hadi tumboni, kisha yakatulia.

Nataka niliseme hili bila kujipunguzia. Niliona. Nilisimama pale na shati limenigandia na kwa muda wa kupumua mara mbili nilijua ni nini. Geji ilikuwa kwenye begi, begi lilikuwa begani, chai ilikuwa mezani, moto bado. Kungoja chai ile ipoe na kuinywa kungetosha. Dada aliniangalia, na mimi nilikuwa nimekwisha kumwambia mbele ya mama kwamba vali ni nzima.

"Hewa," nikasema. "Nimefunga maji, hewa imeingia."

Nikaondoka.

Jumatano ilinyesha Mbale mvua kubwa ya mchana. Mvua ikinyesha, watu wa mtaa ule wanaweka mabeseni na mapipa chini ya mabati, hakuna anayefungua bomba, na presha ya mtaa inapanda kuliko siku nyingine zote. Dada alikuwa amepeleka mashuka kwa wateja, mvua ikamshika huko. Mama alikuwa amelala kidogo baada ya chakula.

Mpira wa mashine ulichomoka. Haukupasuka katikati, ulichomoka kwenye shingo yake ya chuma na kubaki unacheza jikoni kama nyoka, ukimwaga maji ya baa tisa kwenye sakafu. Sakafu ya dada ni saruji iliyosuguliwa kwa rangi nyekundu na nta, yeye mwenyewe huisugua kila Jumamosi mpaka unajiona. Mama alisikia sauti ya maji. Baadaye aliniambia alidhani ni choo kimeanza tena. Akainuka aende akakitazame, apate kunieleza kwenye simu.

Jirani alikuta maji yanatoka chini ya mlango wa mbele na mama amelala jikoni kwa ubavu, nguo zimelowa, ananyoosha mkono kuifikia koki ya mashine. Alikuwa ametambaa. Hakulia. Alimwambia jirani, "Funga hiyo kwanza."

Ulikuwa mfupa wa nyonga. Hospitali walisema ungehitaji kufungwa vyuma, na kwamba moyo wake hautavumilia dawa ya usingizi. Daktari alikuwa kijana mpole. Alitueleza mara mbili. Alisema mfupa utajishika kadiri utakavyojishika, na kwamba mtu wa umri wake tumshukuru Mungu akiweza kukaa. Dada alimuuliza kama atatembea, na daktari akaanza kueleza mara ya tatu.

Nilifika siku ile ile jioni, moja kwa moja hospitali. Kesho yake asubuhi dada alibaki na mama, mimi nikaenda nyumbani peke yangu, nikasema nakwenda kukausha sakafu. Sakafu ilikuwa imekwisha kukauka. Nikafunga koki ya mashine, ya choo, ya hita ya kuogea, mabomba yote. Nikamwaga maji kidogo kwenye bomba la uani ili presha ishuke, nikafunga geji hapo. Tatu. Nikaingia jikoni nikawasha jiko nikapika chai, maana sikujua namna nyingine. Nilikaa kwenye kiti alichokalia mama akichambua simsim, mgongo kwa geji, nikainywa. Haikuwa na ladha. Nilipogeuka mshale ulikuwa umepita nane na bado unatambaa.

Nilikaa pale nikautazama hadi ukasimama. Tisa na kidogo. Kama ningekuwa na mtu wa kumpiga ningempiga.

Niliifungua vali pale pale. Kichujio chake cha ndani kilikuwa kimetoboka, na juu ya kiti cha shaba kulikuwa na mfereji mwembamba, wa upana wa uzi, uliochongwa na mchanga. Ukiupitisha kucha unausikia. Nilinunua vali mpya na kichujio kikubwa cha kukaa mbele yake, nikaweka tatu, na nikaacha geji moja imefungwa hapo siku zote, ili hata mtoto aweze kusoma. Kazi safi. Dada alipokuja kubadilisha nguo alinikuta nasafisha vyombo.

"Umebadilisha nini?" akaniuliza.

"Vali. Kwa usalama tu."

Alikaa kwenye kizingiti. Alikuwa hajalala. Akasema, "Ni ule mpira. Niliununua barabarani. Wewe uliniambia, mimi nikaona bei ya dukani ni kubwa. Ulinikataza kabisa kwenye simu."

Nilikuwa nimeshika ile vali ya zamani mkononi. Mpira wa dukani ungevumilia siku chache zaidi, wiki, pengine mwezi. Nilijua hivyo. Midomo yangu ilikuwa tayari kusema.

"Sasa imetokea," nikasema. "Usijilaumu."

Ukimwambia mtu asijilaumu bila kumwambia wa kulaumiwa ni nani, umemkabidhi lawama yote na risiti yake. Dada aliichukua. Aliiacha kazi ya kufua. Alisema hawezi tena kuisikia mashine ile ikivuta maji. Alimwosha mama, akamgeuza, akampaka mafuta mgongoni ili asipate vidonda, na kila alipofanya hivyo uso wake ulikuwa wa mtu anayelipa. Mimi nilikuja kila Jumapili na matunda. Watu wa mtaa walisema mama yule amebarikiwa kwa watoto.

Mama alikonda. Wanawake wa Nakaloke walikuja mara tatu, wakakaa kitandani wakimletea simsim na habari, kisha ikawa mara moja kwa mwezi, kisha wakatuma salamu. Sikuwalaumu, soko haliahirishwi. Siku za soko mama aliomba afungwe kitambaa kichwani kama zamani, akakaa na mto mgongoni akitazama mlango. Alikuwa akiniuliza swali moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza saa: "Nitakwenda lini Nakaloke?" Mwanzo nilisema bado kidogo. Baadaye nikawa nageuka kutafuta kitu kwenye begi.

Miezi minane nilikaa hivyo. Jinja nilifanya kazi vibaya. Nilipima kila nyumba mara tatu, nilikunywa chai hadi wateja wakaanza kucheka, na bado usingizini niliona mshale. Yule mzee wangu alikuwa amekwisha kufariki. Nashukuru kwa hilo peke yake, kwamba hakuwepo kunitazama.

Mwishowe nilichoka. Sisemi nilipata ujasiri, nilichoka tu. Jumapili moja dada alikuwa uani anaanika, mimi nikakaa ukingoni mwa kitanda cha mama. Nikamwambia. Nikamwambia kuhusu vali, kiti, na mfereji wa upana wa uzi. Nikamwambia kwamba choo kililia kwa sababu kilikuwa kinaondoa presha, kwamba nilikiziba bila kupima tena, kwamba maji yaliniruka kwenye shati nikasema hewa. Nikatoa geji kwenye begi nikamwonyesha tatu iko wapi, na tatu na nusu, na tisa. Nikamwambia mpira wa dada haukuwa na kosa, au kosa lake lilikuwa dogo. Nilitaka anitukane. Nilijiandaa kutukanwa, nilikuwa nahitaji hilo kama mtu anavyohitaji maji.

Mama alisikiliza yote. Aliishika geji, akaigeuza, akaipima uzito kwa mkono. Hakuelewa habari ya kiti na springi, niliona. Alielewa moja.

"Choo kilikuwa kinasaidia," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na kikanyamaza."

"Ndiyo. Nilikinyamazisha mimi."

Akaishusha geji juu ya blanketi. Uani tulisikia dada akikung'uta shuka.

"Lakini mimi ndio nilikuambia," akasema mama. "Nilisema nimechoka kukisikia. Wewe ulikuja kupima. Mimi ndio nilikuambia kinyamaze."

Nikasema hapana. Nikasema tena na tena, nikaeleza upya, nikaifungua mikono, sauti ikapanda. Nilikuwa namweleza kama yule daktari kijana, mara ya pili, mara ya tatu. Yeye alitikisa kichwa taratibu, kama alivyofanya akikataa bei. Kisha akamwita dada kwa jina lake la utotoni, na dada akaja mlangoni na vibanio vya nguo mkononi.

"Mwanangu," mama akamwambia, "nisamehe. Si mpira wako. Ni mimi niliomba usingizi."

Dada alinitazama, akaitazama geji juu ya blanketi. Yeye anaielewa geji. Sikuona hasira usoni mwake; aliweka vibanio mezani kimoja kimoja, akapita mbele yangu, akampandisha mama mto. Sijui hata leo kama amenisamehe, kwa sababu hajaniuliza kitu, na chai bado ananiletea, na mimi nainywa yote.

Mama hajaniuliza tena habari ya Nakaloke. Siku za soko hafungi kitambaa. Anasema hastahili kuwasumbua watu kwa jambo alilojitakia mwenyewe.